Dakika tatu za kumuaga fundi wetu

*Mpendwa Mshauri,*

*Mimi ni fundi bomba katika mamlaka ya maji ya mji mmoja mkoani. Mwezi ujao mzee wetu wa kitengo cha matengenezo anatimiza miaka 60 na kustaafu. Aliajiriwa mwaka 1989, wakati ule ikiwa bado Idara ya Maji. Wenzangu wamenichagua nizungumze kwa niaba yao kwenye hafla ya kumuaga, na mshereheshaji amenipa dakika 3. Nimeandika kurasa 4, nakutumia uzione, na bado naona sijasema kitu. Mkurugenzi atakuwepo, na mkewe mzee pamoja na watoto. Nifanyeje?*

*Binti wa zamu ya usiku*

Binti yangu,

Nimezisoma kurasa zako zote. Ya kwanza ni salamu tupu, kuanzia mgeni rasmi hadi kamati ya chakula. Ya pili ni wasifu: alikozaliwa, aliposoma, alivyopanda daraja. Ya tatu ni sifa, kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, mcheshi, mtu wa watu. Kisha chini kabisa ya ukurasa wa nne, kama kitu ulichokumbuka ukiwa unafunga kalamu, umeandika habari za usiku bomba lilipopasuka karibu na soko, ramani ikawapoteza, na mzee akaonyesha vali ilipo. Hapo ndipo nilipomwona mtu. Hotuba yako ni hiyo, na kurasa tatu za mwanzo ziweke pembeni.

Wasifu mwachie Afisa Utumishi. Kwa kawaida yeye ndiye huusoma, na ukiurudia watu wataanza kuzungumza na majirani zao. Wewe chukua mwaka wa kuajiriwa tu, na uuhakikishe kwake kabla hujausema mbele ya mke anayeujua vizuri kuliko ofisi. Salamu nazo zitoshe kwa sentensi moja. Na zile sifa, jaribu kuzisoma huku ukimfikiria mhasibu wenu au dereva wa gari la maji taka. Zinawafaa wote wawili. Neno "mchapakazi" halimtofautishi mzee na mtu yeyote, lakini hakuna mwingine pale ofisini aliyeipata vali ile usiku ule.

Kabla hujaandika upya, watafute wawili watatu waliofanya naye kazi ambazo wewe hukuziona. Usiwaulize mzee ni mtu wa namna gani, kwa sababu watakupa sifa zilezile. Waulize alifanya nini, siku gani, wapi, na alisema maneno gani. Mtunza stoo ataona kitu ambacho fundi hakioni. Ukipata sentensi moja kutoka kwake, iweke, ndipo utakuwa umesema kwa niaba ya wenzako kweli.

Kuna jambo limenishtua kidogo katika ukurasa wa tatu. Umeandika "alikuwa mtu wa watu", "alitupenda sote", "daima tutamkumbuka". Huyo mzee atakuwa ameketi mbele yako na sahani ya pilau. Maneno hayo tumezoea kuyasikia makaburini, na mkewe atayasikia hivyohivyo. Sema "ametufundisha", "anaijua mitaa hii", na kadiri unavyokaribia mwisho, acha kumzungumzia, zungumza naye.

Kisa cha bomba nacho kina mtego wake. Ukikisimulia kwa haraka, kitasikika kama lawama kwa aliyechora ramani, au kwa mkurugenzi ambaye ofisi yake haikuirekebisha. Sema tu kwamba ramani ilikuwa ya zamani, upite. Mafao yake usiyaguse, wala ugonjwa, wala cheo ambacho watu wanaamini alistahili akakosa. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na bado yakaiharibu siku yake mbele ya wanawe. Ukiwa na shaka na kisa chochote, mwulize rafiki yake wa karibu kazini kama mama anaweza kukisikia bila kuinamisha kichwa.

Nimechukua ulichoandika mwenyewe nikakipanga. Sentensi ya stoo nimeibuni kukuonyesha mahali pake tu, kwa hiyo uiondoe na kuweka uliyopewa.

*"Mheshimiwa Mkurugenzi, mama na familia ya mzee wetu, wafanyakazi wenzangu, itifaki imezingatiwa.*

*Usiku mmoja bomba la inchi 8 lilipasuka karibu na soko, maji yakaanza kuingia madukani. Ramani tuliyokuwa nayo ni ya zamani, ikatuonyesha vali upande wa pili wa barabara. Tukachimba, tukakosa. Mzee akafika, koti juu ya kikoi. Hakuuliza ramani. Aliuliza ukuta wa shule uliishia wapi kabla barabara haijapanuliwa. Akahesabu hatua kutoka hapo, akasimama, akasema, 'Chimbeni hapa.' Koleo likagonga mfuniko wa chemba.*

*Wengi mnakijua kisa hicho. Msichokijua ni cha kesho yake. Aliniita na daftari, tukaanza kuuzunguka mji, siku baada ya siku, akinionyesha vali moja moja nami nachora. Hakunificha hata moja. Daftari hilo liko ofisini, na kila fundi wa zamu analitumia.*

*Mzee wangu, uliingia kazini mwaka 1989. Mtunza stoo ameniagiza nikuambie kwamba hujawahi kumrudishia spana yenye tope. Na mimi nina langu. Siku tuliyotafuta mvujo kule stendi, uliweka mtaimbo juu ya bomba, kisha badala ya kutega sikio lako, ukaniambia nisikilize mimi kwanza. Nikausikia. Tangu siku ile najiita fundi.*

*Mama, tumekugongea mlango usiku mara nyingi, na hukuwahi kutufokea. Tunakushukuru. Mzee, asante."*

Tazama kwamba hakuna mahali panaposema yeye ni mkarimu wala mwaminifu. Mtu aliyejua siri zote za mabomba ya mji, siri ambazo zingemfanya aitwe kila usiku na kuheshimiwa peke yake, akampa kijana daftari aziandike. Ukumbi utaelewa wenyewe. Ndiyo maana nimekipa kisa cha daftari uzito sawa na kile cha vali, ingawa wewe ulikigusa kwa nusu mstari.

Kuhusu muda: mbele ya kipaza sauti, kwa mwendo wa kueleweka, hesabu kama maneno 100 kwa dakika. Kurasa zako nne zingekula dakika nane au zaidi. Hii niliyoipanga haifiki dakika tatu, na nimeacha nafasi hiyo makusudi, kwa kuwa watu watacheka kwenye kikoi na watapiga makofi kwenye daftari. Wakipiga, nyamaza mpaka wamalize. Isome nyumbani umesimama, kwa sauti, simu ikihesabu muda. Sentensi itakayokukata pumzi ivunje iwe mbili.

Iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja. Pale penye "Mzee wangu" piga mstari, ukifika hapo ugeuke umtazame yeye, umwache mkurugenzi. Huenda sauti ikakukwama kwenye maneno ya mtaimbo. Ikikwama, tazama karatasi, vuta pumzi, endelea na sentensi inayofuata. Usiombe radhi, hakuna aliyekosewa.

Na mapema wiki hii zungumza na mshereheshaji akuweke kabla ya zawadi. Zikishaanza kutolewa watu husimama kupiga picha, muziki unapandishwa, na hata mzee mwenyewe hatakusikia.