Nyumba ya kuuza na milioni tano za ukarabati: anza na unyevu

Ukiwa na shilingi milioni tano na nyumba unayotaka kuiuza, usianze kwa kujiuliza mnunuzi atapenda nini. Jiulize ni kitu gani kitamfanya apunguze bei, kisha uliza kukiondoa kunagharimu kiasi gani. Kazi inayostahili kutangulia ni ile ambayo punguzo unalolikwepa linazidi gharama yake mara nyingi zaidi.

Kwa kipimo hiki, unyevu ukutani huwa wa kwanza karibu kila mara. Sababu ni kwamba mnunuzi akiona plasta inamenyuka na chumvi nyeupe ikitoka, hajui chanzo chake. Huwaza paa bovu, bomba lililopasuka ardhini au msingi mbaya, na bei anayotaja hubeba hofu zote tatu. Wewe unayeweza kujua chanzo unalipia tatizo moja tu.

Kukijua si kugumu. Doa likiwa chini, kama mita moja kutoka sakafuni, shuku maji yanayopanda kutoka ardhini. Likiwa juu karibu na dari, panda ukague bati na misumari yake. Likiwa nyuma ya bafu, funga bomba zote usiku, andika namba ya mita ya maji, uisome tena asubuhi. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Ukibaki na shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa isiyozunguka, na dirisha linalofunguka litasaidia kuliko saruji.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinaloa chini kwa sababu udongo wa nje umepanda kuliko sakafu, ama kwa kujaza uwanja au kwa mchanga wa mvua. Chimba pembeni mwa ukuta mpaka udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu, weka mteremko unaopeleka maji mbali, na funga mifereji ya bati pale paa linapomwaga maji kwenye ukuta. Baada ya hapo ndipo ubandue plasta yenye chumvi, ukipita kidogo juu ya alama ya unyevu, upige mpya na kuiacha ikauke takribani mwezi mmoja. Fundi atakayekushauri upake rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ili doa lisionekane, mkatalie. Maji yatanaswa ndani, rangi itatoka malengelenge, na mnunuzi atajua ulikuwa unaficha. Kazi hii imalizike kabla ya masika ya Machi, ili mvua iwe shahidi wako.

Sasa tupange mengine. Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu Kimara. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, zako zitatoka kwa fundi na kwa madalali. Unyevu na paa: gharama milioni 1.2, punguzo linalokwepwa milioni 4. Bafu, yaani koki, sinki la choo na kujaza upya mianya ya vigae: laki 7 kwa milioni 1.5. Rangi ndani na nje, pamoja na geti: milioni 1.3 kwa milioni 2.5. Dari ya jipsamu sebuleni: milioni 2 kwa milioni 1.5. Makabati mapya ya jikoni: milioni 3 kwa milioni 2. Tatu za mwanzo zinarudisha zaidi ya gharama yake, mbili za mwisho zinakula.

Ili upate makadirio yako, waulize madalali watatu, kila mmoja peke yake, nyumba za mtaa huo zimeuzwa kwa bei gani, wala si zinatangazwa kwa bei gani. Waulize pia wateja waliokagua na kuondoka walilalamikia nini. Bei ya mtaa ndiyo dari yako: nyumba zinazofanana zikiuzwa milioni 70, vigae vya kifahari havitakufikisha 90.

Hati nayo huingia kwenye foleni hii. Kama kiwanja kimepimwa na kilichobaki ni kukamilisha taratibu za hati, linganisha gharama hiyo na zote hapo juu, maana mnunuzi anayetegemea mkopo wa nyumba wa benki atahitaji hati ya kuweka dhamana.

Katika mfano wetu zimetumika milioni 3.2. Tenga laki 5 kwa lolote litakaloibuka plasta ikibanduliwa. Milioni 1.3 inayobaki usiitumie: hakuna kazi iliyosalia kwenye orodha itakayoirudisha.