Mteja mmoja, hesabu mbili

Katika duka la vifaa vya ujenzi huko Chanika, Dar es Salaam, mteja huweza kuandikwa mara mbili: leo kwa jina la mtoto wake, kesho kwa jina la kitambulisho.

Chukulia kwamba hesabu namba 14 ina ankara ya saruji ya Sh. 340,000, na zimelipwa Sh. 160,000. Deni ni Sh. 180,000. Hesabu namba 62 ina Sh. 50,000 zilizotangulizwa kwa bati ambazo hazijachukuliwa.

Kwanza mwenye duka hulinganisha stakabadhi na mteja mwenyewe. Namba ya simu peke yake haitoshi, kwani ndugu huweza kuitumia pamoja. Kisha kila agizo na stakabadhi ya namba 62 huhamishiwa namba 14, kwa tarehe na namba yake ya awali. Likihamishwa salio tu, agizo la bati hupotea.

Sh. 50,000 ni fedha ya mteja, hivyo salio jipya ni Sh. 130,000, si Sh. 230,000. Hata hivyo, fedha hiyo isifidie deni la saruji bila ridhaa yake. Ibaki imeandikwa kuwa ni ya bati.

Jumla ya salio za wateja wote, kabla na baada, lazima ilingane. Ikizidi kwa Sh. 100,000, yaani mara mbili ya 50,000, malipo yameandikwa kama deni.

Namba 62 isifutwe. Ifungwe na kuandikwa "imehamia 14", ili stakabadhi ya zamani ikiletwa ifuatiliwe.