Ufa Usiozibika: Maswali na Majibu juu ya Zilzala za Katanga

Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, yapata saa nane na dakika 20 za mchana kwa saa ya Lubumbashi, ardhi iliyo chini ya Ziwa Tanganyika ilitetemeka kwa ukubwa wa 6.8. Mjini Kalemie nyumba nyingi zilipasuka au zikaanguka, watu kadhaa wakafa, na mtikiso ukahisiwa hata Nairobi. Wasomaji wetu hawajaacha kuuliza habari za siku ile. Nasi tumeyapeleka maswali yao kwa mwalimu wa elimu ya miamba wa mjini hapa, naye amejibu kama ifuatavyo.

Swali: Mwalimu, ni kitu gani hasa kinachoitikisa ardhi?

Jibu: Chukua gunia la makaa, uliweke juu ya sakafu ya saruji, kisha ulifunge ule mpira wa tairi ambao wachukuzi wetu hufungia mizigo kwenye baiskeli, nawe uanze kuuvuta polepole. Mwanzoni gunia halisogei hata kidogo; mpira ndio unaorefuka, na mkono wako wahisi uzito ukizidi. Halafu, pasipo ishara yoyote, gunia laruka mbele kiasi cha shibiri moja, mpira walegea, na kila kitu chatulia; endelea kuvuta, na mambo yale yale yatajirudia.

Basi miamba ndiyo gunia, na ndiyo mpira pia. Pande mbili za ufa mkubwa husukumwa au huvutwa bila kukoma, lakini kwenye ufa wenyewe zimeng'ang'aniana kwa msuguano, hata miamba ya kando yake ikapindika kidogo kidogo kwa karne nzima. Na siku msuguano unaposhindwa, pande zile huteleza kwa sekunde chache, na nguvu yote iliyokuwa imewekwa akiba hutoka kwa mawimbi yanayopita ardhini. Mwaka 2005 utelezi huo ulianzia kina cha kilomita 20 hivi chini ya ziwa. Tetemeko, kwa hiyo, ni deni la muda mrefu linalolipwa kwa dakika moja.

Swali: Mbona Kalemie hutikisika, na sisi wa Lubumbashi twakaa kwa salama?

Jibu: Kwa sababu Kalemie umejengwa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Gamba la dunia si kitu kimoja, bali ni mabamba makubwa yanayotembea kwa taratibu mno, na bara la Afrika lenyewe limo katika kupasuka: upande wa mashariki waachana na upande wa magharibi kwa milimita chache tu kila mwaka. Ukitazama ramani utauona mpasuko huo kwa macho, kwa kuwa maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika yamejipanga ndani yake mithili ya shanga katika uzi mmoja.

Lubumbashi uko mbali na uzi huo, zaidi ya kilomita 600 kutoka Kalemie. Hata hivyo, ingekuwa ghururi kudhani kwamba Katanga ya kusini haihusiki, maana Bonde la Ufa limenyosha mkono mwembamba kuja kwetu, kupitia Ziwa Mweru na bonde la Upemba. Dalili zake zipo. Mjini Kabalo, kando ya Lualaba, zilzala ya ukubwa wa zaidi ya 6 ilipiga tarehe 11 Septemba 1992. Na kule Kiabukwa, katika nchi hiyo hiyo ya Upemba, maji hububujika kutoka ardhini yakiwa na moto wa nyuzi 91, hata mwaka 1952 yakatumiwa kuendesha mtambo mdogo wa umeme kwa ajili ya machimbo ya bati. Maji hayakupata moto huo juu juu; yalishuka kina kirefu kwa kufuata nyufa, yakarudi kwa njia hizo hizo.

Swali: Na Japani je? Kwa nini huko hutetemeka kila mara, tena kwa nguvu kuliko huku?

Jibu: Hapa hesabu ndogo yatosha. Tuseme ufa hulegea kila miamba inapokuwa imevutana kiasi cha meta 1. Mashariki ya Japani, bamba la Pasifiki huzama chini ya visiwa vile kwa mwendo wa milimita 80 hivi kwa mwaka. Meta 1 hutimia katika miaka 12 na nusu. Kwetu, tukikadiria milimita 2 kwa mwaka, meta hiyo hiyo yataka miaka 500. Gunia ni moja, mpira ni mmoja. Kilichotofautiana ni wepesi wa mkono unaovuta.

Kuhusu nguvu, jambo kubwa ni ukubwa wa eneo la ufa linaloteleza kwa mara moja. Tarehe 11 Machi 2011 Wajapani walipatwa na zilzala ya ukubwa wa 9.1, na ufa ulioteleza ulikuwa na urefu wa kilomita 400 na zaidi; nyufa zetu ni fupi, zimekatikakatika, na aghalabu hulegea kipande kimoja kimoja. Lakini tusijidanganye, kwani mwaka 1910 nchi ya Rukwa, ng'ambo ya Tanganyika, ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4. Kimya cha miaka mingi si dalili ya amani. Yumkini ni mpira ungali ukirefuka.

Swali: Wako wasemao kwamba baruti za migodini ndizo zinazotuletea matetemeko. Ni kweli?

Jibu: Baruti hutikisa vioo, lakini mtikiso wake ni mfupi, huja pamoja na mshindo, na hauendi mbali. Zilzala ya mbali hukufikia kwa namna nyingine: kwanza mtetemo mwepesi, kisha, baada ya muda, myumbo wa polepole unaochezesha maji ndani ya ndoo na taa iliyotundikwa.

Walakini mwanadamu aweza kuuamsha ufa uliokwisha kuwa tayari. Bwawa la Kariba, katika mto Zambezi, lilianza kujazwa mwishoni mwa mwaka 1958. Ardhi ya hapo ikaanza kutetemeka, na mnamo Septemba 1963 likaja tetemeko la ukubwa wa karibu 6. Uzito wa maji ulielemea miamba, na maji yenyewe yakapenya katika nyufa na kuupunguza msuguano, kama mtu aliyemwaga maji ya sabuni chini ya gunia letu.

Swali: Basi, yaweza kujulikana siku na saa?

Jibu: Haiwezekani. Twajua ni wapi mpira unavutwa, na kwa kadiri gani. Siku utakapofyatuka hakuna elimu inayoitaja, na anayekuuzia tarehe anakuhadaa.

Lakini twajua ni kitu gani huua. Bukavu na sehemu za Rwanda zilizopakana nayo, tarehe 3 Februari 2008, na Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, zilipatwa na matetemeko ya ukubwa ule ule, 5.9, na katika miji hiyo watu waliangukiwa na kuta. Ukuta wa matofali ya udongo wa kichuguu, ulioungwa kwa udongo mtupu, hubeba bati miaka 30 pasipo taabu, kwa kuwa uzito wa bati washuka wima; lakini sukuma ukuta huo kwa ubavu, nao hufunguka pembeni. Ajengaye Kalemie, Pweto au Bukama na azungushie kuta zote, juu ya madirisha, mkanda mmoja wa zege wenye nondo usiokatika pembeni. Ufa ulio chini ya ziwa hauzibiki. Pembe za nyumba zaweza kufungwa.