Kutoka peve ndefu hadi orodha ya kazi

Mkutano umekwisha, na mkononi una peve ya ukurasa mzima. Inaeleza nani alifungua kwa sala, nani alilalamika, nani alimjibu. Kesho yake mtu anauliza: "Sasa nani anakwenda Likasi kununua kipuri?" Hakuna anayejua, hata waliokuwepo.

Ukurasa huo unaweza kuugeuza kuwa sehemu tatu: maamuzi, kazi, na yaliyobaki. Ukizoea, ni kazi ya nusu saa. Tutumie mfano niliotunga wa komite ya pompi ya maji katika kartie moja ya Kambove, iliyokutana siku ya posho, 11 Oktoba 2025. Peve yake inasema hivi:

"Prezida alifungua mkutano na kuwashukuru waliofika. Alikumbusha kwamba mwezi uliopita pompi ilisimama na wamama walichota maji mbali. Fundi alieleza kwamba mpira wa pistoni umekwisha, na mpya unapatikana Likasi kwa franka kama 120 000, bila usafiri. Papa mmoja alionya kwamba pesa ya kasha isiishe yote. Kesie alisema kasha ina franka 310 000. Baada ya majadiliano marefu ilikubaliwa mpira ununuliwe haraka. Mama mmoja alipendekeza bei ya bidoni ipande kutoka franka 50 hadi 100. Wengi waliona ni vizuri, ila wazee na wajane wafikiriwe. Kuhusu barua kwa kampuni ya madini, ilisemwa kwamba iliandikwa lakini haijulikani kama ilifika. Itafuatiliwa. Tutakutana tena baada ya wiki mbili."

Soma mara ya kwanza ukiwa na kalamu tu

Usianze kuandika. Pita mstari kwa mstari, na pembeni weka herufi moja: M kwa maamuzi, K kwa kazi, B kwa jambo lililobaki. Mstari usiopata herufi uache ulivyo. Sala, shukrani, historia ya pompi na maonyo ya Papa yule vinabaki katika peve. Katika muhtasari havina nafasi.

Katika mfano wetu, ukurasa mzima unatoa uamuzi mmoja tu wa wazi. Usishtuke. Mkutano wa saa mbili unaweza kabisa kutoa uamuzi mmoja.

Tenga uamuzi na maoni

Angalia kitenzi. "Ilikubaliwa", "imeamuliwa", "mkutano umepitisha": hapo kuna uamuzi. "Alipendekeza", "ingefaa", "wengi waliona": hapo bado ni mazungumzo, hata kama kila mtu alitikisa kichwa.

Bei ya bidoni ndiyo mtego wa ukurasa huu. Ukiandika "bei imepanda hadi franka 100", anayekaa kwenye pompi ataanza kudai 100 kesho asubuhi, na mama aliyekuja na 50 atageuka na bidoni tupu. Kumbe komite haikupitisha bei, wala haikusema wazee na wajane watalipa ngapi. Weka B, na uandike swali lenyewe: "Bei mpya iwe ngapi, na wazee na wajane walipe ngapi?" Mkutano ujao utaanzia kwenye swali hilo bila kurudia hadithi yote.

Andika uamuzi kama sentensi inayosimama peke yake

Mtu ambaye hakuwepo aelewe bila kukuuliza. "Mpira ununuliwe haraka" hautoshi. Mpira gani? Kwa pesa ya nani? Haraka ni lini?

Hapa kuwa mwangalifu na namba. Franka 120 000 ni makadirio ya fundi, si kiasi kilichopitishwa. Na usafiri haumo ndani yake. Ukiandika "komite imepitisha franka 120 000", umeipa komite uamuzi ambao haikuufanya. Kesie akitoa 140 000, ataonekana amezidisha pesa, na lawama itamkuta mtu asiye na kosa.

Andika hivi: "Komite imeamua kununua mpira mpya wa pistoni. Makadirio ya fundi: franka 120 000, bila usafiri. Kikomo cha matumizi: hakijapangwa." Kisha piga simu kwa prezida na kesie uwaulize kikomo ni kiasi gani na kama pesa itatoka kwenye kasha. Wakijibu, andika jibu pamoja na jina la cheo na tarehe: "Kikomo 145 000 pamoja na usafiri, kutoka kasha, prezida na kesie, 12 Oktoba." Msomaji ataona kwamba kiasi hicho kilipangwa baada ya mkutano, na nani alikipanga.

Pengo usilijaze wewe

Hii ndiyo kanuni nzito kuliko zote. Sekretere anaandika, haamui. Ukikuta kazi isiyo na mtu, usichague mtu unayemwamini na kumwandika. Ukikuta kazi isiyo na tarehe, usitie tarehe inayokupendeza. Andika "hajapangwa" au "haijapangwa", kisha uulize mwenye mamlaka ya kupanga.

Pengo lililoandikwa wazi linazibwa kwa simu moja. Pengo lililojazwa kwa kubahatisha huleta ugomvi, na ugomvi huo huja siku kazi inapokwama.

Kila kazi iwe na vitu vinne

Mtu mmoja, kitendo, tarehe ya mwisho, na alama ya kujua kwamba imekwisha.

Mtu ni mmoja. "Komite itafuatilia" maana yake kila mmoja atamngoja mwenzake. Kama wanakwenda wawili, andika anayejibu kwanza, halafu "akisaidiwa na".

Kitendo kiwe cha kuonekana. "Kufuatilia", "kushughulikia" na "kuhamasisha" havina mwisho. Tumia nunua, peleka, piga simu, funga, hesabu.

Tarehe iwe ya kalenda. "Posho ijayo" na "wiki mbili" hupoteza maana mara karatasi ikikaa siku chache. Kutoka 11 Oktoba, wiki mbili ni 25 Oktoba 2025. Andika hivyo. Saa pia iandike kwa namba za masaa 24, 15:00, ili asiwepo wa kuihesabu kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa.

Alama ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau. Kwa mpira ni risiti iliyofika kwa kesie, na maji yanayotoka kwenye pompi. Risiti peke yake inaonyesha kipuri kimenunuliwa, haionyeshi kimefungwa.

Ukipanga hivyo, utaona uamuzi mmoja wa mpira unazaa kazi tatu: kesie kutoa pesa, fundi kununua, fundi kufunga. Usizibane katika mstari mmoja. Zikichanganywa, ikikwama moja hutajua ni ipi.

Barua kwa kampuni: shika karatasi, usishike neno

Kambove ni nchi ya shaba na kobalti, na mambo mengi ya mikutano ya mitaa yanaigusa kampuni fulani ya madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa 9 Machi 2018 inaitaka kampuni yenye haki ya kuchimba ifunge kaye de sharji na jamii zinazoguswa na kazi yake, yaani ahadi za kujenga miundombinu na kutoa huduma za jamii. Kwa hiyo neno lolote kuhusu kampuni lipime mara mbili kabla ya kuliandika.

Tenga hatua tatu: tumeomba, wamepokea, wamekubali. Peve yetu iko kwenye hatua ya kwanza, na hata ya pili haina ushahidi. Usiandike "kampuni itasaidia pompi". Andika: "Barua ya ombi iliandikwa. Mapokezi hayajathibitishwa."

Kisha geuza "itafuatiliwa" kuwa kazi. Muulize prezida nani aende. Tuseme amekuchagua wewe. Kazi inakuwa: "Sekretere apeleke nakala ya barua kwenye ofisi ya kampuni kabla ya 17 Oktoba na arudi na akize de resepsyon." Alama ya mwisho ni nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri huo, baada ya miezi mitatu utakuwa unabishana kwa maneno tu.

Matokeo yake ni haya

Komite ya pompi, mkutano wa 11 Oktoba 2025

Maamuzi
1. Kununua mpira mpya wa pistoni. Kikomo franka 145 000 pamoja na usafiri, kutoka kasha (kikomo: prezida na kesie, 12 Oktoba).

Kazi
1. Kesie: kumpa fundi pesa, kabla ya 14 Oktoba. Alama: sahihi ya fundi katika daftari la kasha.
2. Fundi: kununua mpira Likasi, kabla ya 16 Oktoba. Alama: risiti kwa kesie.
3. Fundi: kufunga mpira na kujaribu pompi, kabla ya 18 Oktoba. Alama: maji yanatoka mbele ya prezida.
4. Sekretere: kupeleka nakala ya barua kwa kampuni, kabla ya 17 Oktoba. Alama: nakala yenye muhuri.

Yaliyobaki
1. Bei ya bidoni: iwe ngapi, na wazee na wajane walipe ngapi? Mkutano wa 25 Oktoba 2025, 15:00.

Tarehe na saa ambazo peve haikuzitaja, prezida amezitoa kwa simu ile ile. Hakuna hata moja uliyoibuni.

Kagua kwa njia mbili

Kwanza, unganisha kwa mistari. Kila uamuzi unaohitaji mkono wa mtu uwe na angalau kazi moja chini yake. Kila kazi iwe na uamuzi au agizo linaloizaa. Kazi isiyo na mzazi huenda umeiingiza wewe bila kujua.

Pili, mpe mtu ambaye hakuwa mkutanoni asome, halafu umuulize: "Nani afanye nini, na lini?" Akisita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha.

Tuma mapema, na peve uitunze

Mpelekee prezida kesho yake. Akikubali, mtumie kila aliyepewa kazi, kila mmoja aone jina la cheo chake. Wape siku mbili za kusahihisha. Baada ya hapo ndipo uweke kwenye kikundi cha simu au ubandike ukutani.

Muhtasari haufuti peve. Nani alipinga, kura zilikuwa ngapi na sahihi za waliokuwepo hubaki katika peve yenyewe. Uchaguzi wa viongozi, mabadiliko ya kanuni za shirika au ugomvi wa pesa huamuliwa kwa peve kamili yenye sahihi. Peve na muhtasari viweke pamoja katika jalada moja.

Na mkutano ujao uanze na orodha ya kazi, kabla ya ajenda mpya. Kwa kila mstari, mwenye kazi aseme neno moja: imekwisha, bado, au imebadilika. Ikiwa ni "bado", apange tarehe mpya papo hapo, nawe uiandike mbele ya wote.