Vitenzi si tenzi: namna ya kupanga orodha ya maneno muhimu

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa mwisho alifanya kazi miezi mitano juu ya uchanganyaji wa Kifaransa katika Kiswahili cha Lubumbashi. Alikuwa ametafuta kwanza kwenye orodha ya kazi za kumaliza masomo, chini ya «Lubumbashi» na chini ya «Katanga», asikute kitu. Mwezi wa sita, msimamizi wake alikumbuka kwamba kazi karibu sawa na hiyo ilikwisha kutetewa miaka ya 1980. Ilikuwepo kwenye orodha siku zote. Ilikuwa imeandikwa «Kiswahili cha Shaba».

Tangu 1971 hadi 1997 mkoa wetu uliitwa Shaba, kwa hiyo aliyeandika neno hilo hakukosea. Kosa lilikuwa la orodha: ilikuwa rundo la maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye majalada, kila mtunzi na msamiati wake, bila neno moja kuelekeza kwa jingine. Nilijitolea kuipanga. Ilikuwa na maneno yapata mia nne. Naeleza hapa jinsi nilivyofanya, hasa pale ambapo lugha zetu za Kibantu zinakataa njia zilizozoeleka.

Hatua ya kwanza ni ya mashine, nayo ni fupi. Weka kila neno kwenye mstari wake katika faili moja, hifadhi nakala ambayo hutaigusa kamwe, kisha:

```
uconv -x any-nfc maneno.txt |
sed "s/’/'/g; s/^ *//; s/ *$//" |
sort -f | uniq -ci
```

Amri ya `uniq` hulinganisha tu mistari inayofuatana, ndiyo maana `sort` hutangulia. Amri ya `sed` huondoa nafasi tupu zilizojificha mwanzoni na mwishoni, na kufanya king'ong'o cha ng' kiandikwe kwa alama moja. Lakini ya `uconv` ndiyo iliyonishangaza. Neno Cilubà lilijitokeza mara mbili, na kwenye skrini huoni tofauti yoyote. Sababu ni kwamba herufi à yaweza kuandikwa kama alama moja, au kama a ikifuatiwa na alama ya toni inayoelea. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni viwili. Anayeshughulikia lugha zenye toni asipoziunganisha mapema, atabaki na marudio ambayo hataweza kuyaona hata akikodoa macho.

Baada ya hapo mashine haina la kusema zaidi, na kazi yenyewe ndiyo inaanza.

Katika lugha ambazo maneno hubadilika mwishoni, kupanga kwa alfabeti huweka umoja na wingi jirani, ukayaona mara moja. Kwetu sisi badiliko liko mbele. «Wimbo» uko W, «nyimbo» ziko N, «uimbaji» uko U. «Kitenzi» na «vitenzi» vimetengana kwa nusu ya alfabeti, na mtunzi mmoja aliyeandika kama tunavyosema hapa mjini alikuwa na «bitenzi», juu kabisa kwenye B. Mtu akisoma orodha hiyo kutoka juu hadi chini hataona kwamba amekutana na neno lile lile mara tatu.

Dawa inayokuja akilini kwa mwanafunzi wa isimu ni kukata kiambishi cha ngeli na kupanga kwa shina. Niliongeza safu ya pili kwenye jedwali, nikaandika shina la kila nomino, nikapanga upya kwa safu hiyo. Faida ilionekana papo hapo. Hasara nayo ilionekana nilipofika kwenye shina -tenzi:

```
bitenzi
kitenzi
tenzi
utenzi
vitenzi
```

Hapa kuna neno la sarufi, yaani aina ya neno linalotaja tendo, na kuna neno la fasihi, yaani shairi refu la masimulizi. Laiti ningeunganisha kila kilicho na shina moja, kazi juu ya mnyambuliko ingelala kitanda kimoja na kazi juu ya ushairi wa kale wa pwani. Na tena, «utendi» usingeunganishwa na «utenzi», kwa kuwa shina limeandikwa tofauti, ingawa ni jina la utanzu ule ule kwa lahaja nyingine.

Kwa hiyo shina linakusanya washukiwa tu, halitoi hukumu. Kinachosaidia kuhukumu ni kile kiambishi tulichokuwa tumekikata. Ngeli huenda kwa jozi. Ki- na vi- ni jozi, na bi- ya kwetu ni sura nyingine ya vi-. U- hupatana na wingi usio na kiambishi, utenzi kwa tenzi. Maneno mawili ya shina moja yakiwa ndani ya jozi moja, mara nyingi sana ni umoja na wingi wa dhana moja, na unaweza kuyaunganisha. Yakiwa ya jozi mbili tofauti, usiyaguse kabla hujafungua kazi zenyewe. Kwa kanuni hiyo, «wimbo» na «nyimbo» waliungana, «uimbaji» ukabaki peke yake, na ni sawa: kazi iliyoandikwa juu ya uimbaji ilihusu sauti na mtindo wa waimbaji, si maneno ya nyimbo.

Kuna na kinyume cha marudio, ambacho watu hukisahau: neno moja lenye vitu viwili. Katika orodha kulikuwa na «Luba», bila kiambishi, mara kadhaa. Ni Kiluba cha Katanga, ambacho Guthrie alikipa namba L33, au ni Cilubà cha Kasai, L31a? Jalada halisemi. Nilifungua kazi moja moja, nikakuta zote mbili. Orodha safi isiyo na marudio ingeweza kunificha jambo hilo kabisa, maana «Luba» ilionekana nadhifu kuliko maneno yote.

Sasa turudi kwa Shaba. Sheria niliyofuata ni ya kawaida katika kazi za kamusi za mada, na kiwango cha kimataifa ISO 25964 kinaieleza: kila dhana ina neno teule moja, na majina mengine hayafutwi, yanabaki kama vibao vya njia.

```
Kiswahili cha Kongo
  Kiswahili cha Katanga
    Kiswahili cha Lubumbashi

Kiswahili cha Shaba  TUMIA  Kiswahili cha Katanga
```

Ungefuta «Shaba» kwa kuwa ni jina la zamani, anayesoma maandishi ya miaka ya 1980 na kulitafuta neno hilo hataona kitu, na tumerudi pale pale. «Kingwana» kilinisumbua zaidi. Baadhi ya waandishi wa zamani wanakiita hivyo Kiswahili chote cha mashariki ya Kongo; wengine wanamaanisha kile cha Maniema na Kisangani tu. Sikuthubutu kukifanya jina jingine la kimoja kati ya hivyo. Nimekiacha kama kibao chenye mishale miwili, na kila kazi imewekwa pale mtunzi alipokusudia.

Neno teule likishapatikana, swali linakuwa: mtoto wa nani? Jaribio ni sentensi moja: je, kila hiki ni aina ya kile? Kila kitenzi ni aina ya neno. Vyema, kitenzi ni mtoto wa «aina za maneno». Kila kiambishi ni aina ya kitenzi? Hapana. Kiambishi ni sehemu ya kitenzi, na sehemu si mtoto. Mzazi wake ni mofimu. Mwanzoni niliweka viambishi chini ya vitenzi kwa sababu nilikuwa nawaza mnyambuliko, kumbe kulikuwa na kazi mbili juu ya viambishi vya nomino, nazo hazikuwa na pa kukaa. Ukiona kazi haina pa kukaa, mara nyingi umefanya sehemu kuwa aina. Uhusiano wa sehemu na nzima hukubaliwa mahali pachache tu, kama vile maeneo ya kijiografia (Lubumbashi ndani ya Katanga) na matawi ya elimu (fonolojia ndani ya isimu).

Toni ilipita jaribio kwa wazazi wawili: fonolojia wanaidai, na wanaochunguza nyakati za vitenzi wanaidai pia. Kuna miti inayoruhusu wazazi wawili. Nilikataa, kwa sababu orodha yetu inachapwa kwenye karatasi, na neno linaloandikwa mahali pawili hurekebishwa mahali pamoja tu. Toni inakaa kwenye fonolojia. Kwenye nyakati za vitenzi kuna «angalia pia toni».

Jambo lililopunguza orodha kuliko yote halikuwa kuunganisha, lilikuwa kutenganisha. Tulikuwa na «vitenzi vya Kiluba», «vitenzi katika Cibemba», «toni ya Cilubà», «toni katika Kisanga», na kadhalika. Ukizipanga hivyo kwenye mti mmoja, lugha kumi na mada kumi na mbili zinakupa watoto mia na ishirini, na hujui kama «toni ya Cilubà» ni mtoto wa toni au wa Cilubà. Si wa yeyote. Ni maneno mawili kutoka miti miwili. Mhindi Ranganathan alijenga mfumo wake wa 1933 juu ya wazo hilo hilo, la kuipa kila sura ya mada orodha yake. Mimi nilifanya miti mitatu: lugha, mada ya isimu au fasihi, na mahali. Kila kazi inapokea neno kutoka kila mti unaoihusu. Badala ya watoto mia na ishirini, una maneno ishirini na mawili.

Hasara ipo, nayo si ndogo. Kazi juu ya maneno ya Kifaransa yaliyoingia Kiswahili inakuwa: Kifaransa, Kiswahili cha Lubumbashi, ukopaji. Nani amekopa kwa nani? Miti haisemi. Kwa uchanganyaji hilo halidhuru sana, lakini tuna kazi mbili ambazo zinapokea maneno yale yale matatu, moja ikichunguza Kiswahili kilichopokea na nyingine Kifaransa cha wasemaji wa Kiswahili. Kwa mada hiyo moja nimevunja kanuni yangu, nikaacha lugha mbili: «lugha kopaji» na «lugha kopeshaji», kila moja na safu yake. Mwalimu mmoja amepinga, anasema safu mbili kwa ajili ya mada moja ni ghali. Kazi ya yule mwenzangu, ambaye hatimaye alibadilisha somo akashika matangazo ya dukani huko Kenya, mtaa wa Lubumbashi, ndiyo ya kwanza kuingia kwenye safu hizo.