Asilimia ya Mafuta kwenye Pakiti ya Maziwa: Nini Hubadilika Ndani ya Glasi

Pakiti moja ya maziwa imeandikwa mafuta asilimia 3.5. Ya pili, pembeni yake kwenye friji ya duka, imeandikwa 1.5, na ya tatu haifiki hata nusu asilimia. Wanunuzi wengi hutazama namba hizo na kuamua kwamba ya kwanza ni maziwa mazito, ya tatu ni maji yaliyotiwa rangi nyeupe, na ya kati ipo katikati ya hizo mbili. Mnunuzi anayefikiri hivyo hukosea mambo mawili: anadhani mafuta ya pakiti ya kwanza ni kidogo kuliko yalivyo, na anadhani pakiti ya tatu imepoteza vitu ambavyo bado vimo.

Tuanze na namba yenyewe. Asilimia ya mafuta huhesabiwa kwa uzito wa maziwa yote, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Katika kila gramu 100 za maziwa yenye mafuta kamili, maji ni kama gramu 87 au 88. Maji hayana kalori hata moja. Kwa hiyo 3.5 inaonekana ndogo kwa sababu imewekwa kwenye mizani moja na maji hayo yote. Ukiyaweka maji kando na kuuliza nguvu iliyomo kwenye glasi inatoka wapi, jibu linabadilika kabisa: karibu nusu yake inatoka kwenye mafuta.

Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe mezani. Glasi ya mililita 250, yaani nusu ya pakiti ya nusu lita, ina uzito wa gramu 258 hivi, kwa kuwa maziwa ni mazito kidogo kuliko maji. Asilimia 3.5 ya gramu 258 ni gramu 9 za mafuta. Kila gramu ya mafuta hutoa kalori 9, na kila gramu ya protini au ya sukari hutoa 4. Mafuta ya glasi hiyo basi ni kalori 81. Protini iliyomo ni kama gramu 8.5, nazo hutoa kalori 34. Sukari ya asili ya maziwa, yaani laktosi, ni kama gramu 12, sawa na kalori 48. Jumla inafika kalori 160 na kidogo. (Kalori ninazozitaja humu ni zile ambazo lebo huandika kcal.)

Sasa mimina glasi ya pili kutoka kwenye pakiti ya 1.5. Mafuta yameshuka hadi gramu 4 hivi. Protini ni zilezile 8.5, sukari ni zilezile 12, na jumla ni karibu kalori 118. Katika glasi ya tatu, ya maziwa yaliyoondolewa mafuta, imebaki nusu gramu ya mafuta au zaidi kidogo, lakini protini na sukari hazijasogea. Jumla ni kama kalori 87.

Kwa anayehesabu makro, yaani protini, wanga na mafuta ya siku nzima, hilo ndilo la kushika. Ukihama kutoka pakiti moja kwenda nyingine, unagusa safu moja tu ya daftari lako, safu ya mafuta. Kalsiamu nayo hubaki palepale, karibu miligramu 300 kwa glasi, maana imo kwenye sehemu ya maji na protini, haimo kwenye mafuta. Anayejenga misuli na anataka protini bila kuongeza kalori nyingi atapata gramu 17 za protini kwa glasi mbili za maziwa yaliyoondolewa mafuta, na atakuwa ametumia kalori 175 hivi. Akizitafuta protini hizohizo kwenye maziwa kamili, atatumia zaidi ya 320. Kwa kijana aliyekonda anayetaka kuongeza uzito, hesabu hiyohiyo inasomwa kinyume, na pakiti ya 3.5 ndiyo inayomfaa.

Kuna kosa moja hapa ambalo linawagusa wagonjwa wa kisukari moja kwa moja. Wengi wao hununua maziwa yasiyo na mafuta wakiamini kwamba yana sukari kidogo. Hayana. Gramu 12 za laktosi zimo katika glasi zote tatu, na mgonjwa anayepanga wanga wa mlo wake lazima azihesabu vilevile kwa kila moja. Hali ni hiyo kwa mtu ambaye tumbo lake hujaa gesi au ambaye huharisha baada ya kunywa maziwa kwa sababu mwili wake hausagi laktosi: kupunguza mafuta hakupunguzi kinachomsumbua. Na ukiona kwenye lebo ya maziwa matupu kwamba sukari ni gramu 4.7 au 4.8 kwa mililita 100, usidhani kiwanda kimetia sukari. Hiyo ni sukari ya ng'ombe. Iliyotiwa kiwandani itaonekana kwenye orodha ya viambato.

Maziwa yanapataje kubaki na protini yote huku mafuta yameondoka? Kiwandani hakuna anayeongeza maji. Maziwa hupitishwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi kubwa, aina ambayo Mswidi Gustaf de Laval aliileta mwaka 1878. Mafuta ni mepesi kuliko sehemu nyingine ya maziwa, kwa hiyo yakizungushwa hujikusanya katikati na kutoka kama krimu, huku maziwa yasiyo na mafuta yakitokea upande mwingine. Kisha kiwanda hurudisha krimu kwa kipimo: ikirudishwa kidogo, maziwa huwa ya 1.5, na ikirudishwa zaidi, huwa ya 3.5. Pakiti zote tatu zinaweza kuwa zimetoka kwenye tangi moja.

Maziwa yaliyotiwa maji ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo namba ya mafuta ikitazamwa peke yake inapoweza kudanganya. Tuseme mchuuzi amechukua lita moja ya maziwa ya 3.5 akaongeza robo lita ya maji. Mafuta yameshuka hadi asilimia 2.8, na mtu anaweza kufurahi kwamba maziwa ni mepesi. Lakini protini ya glasi imeshuka pia, kutoka 8.5 hadi kama 6.8, na kalsiamu imepungua kwa kiwango hichohicho. Kama angetaka kufika 1.5 kwa maji peke yake, zaidi ya nusu ya glasi ingekuwa maji, na protini isingefika gramu 4. Ndiyo maana mtu asijaribu kujitengenezea maziwa mepesi nyumbani kwa kuyazimua.

Vituo vya kukusanyia maziwa hutumia laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji. Maziwa mazima ya ng'ombe huwa karibu na 1.030. Yakitiwa maji, kipimo hushuka. Yakiondolewa mafuta, hupanda hadi karibu 1.036, kwa kuwa kilichotolewa ndicho kilichokuwa chepesi. Mtu akifanya yote mawili, akaengua krimu na kuongeza maji kidogo, kipimo hurudi mahali pake na laktomita haioni kitu. Kwa sababu hiyo, kituo kinachofanya kazi yake vizuri hupima na mafuta yenyewe, hakitegemei kijiti hicho peke yake.

Wasomaji wengi hununua maziwa mabichi ya mtaani, yasiyo na lebo yoyote. Maziwa ya ng'ombe wa kisasa aina ya Friziani hukaa karibu na asilimia 3.5 za mafuta, ya Jezi hufika kama 5, na ya ng'ombe wetu wa kienyeji mara nyingi hupita 4.5. Hata ng'ombe mmoja, katika ukamuaji mmoja, hatoi maziwa ya aina moja: ya mwanzo yana mafuta kidogo, na ya mwisho kabisa ndiyo mazito, yale ambayo mara nyingi huachiwa ndama. Kwa kukadiria, glasi ya maziwa ya asilimia 5 ina mafuta gramu 13 na kalori kama 200. Anayetumia namba za pakiti ya dukani kuhesabu glasi ya aina hii anaacha kalori 40 nje ya daftari kila anapokunywa.

Maziwa hayo ukiyachemsha, ukayapoza na kuyaacha yatulie kwenye ubaridi, mafuta hupanda juu na unaweza kuyaengua. Ni njia halali ya kupunguza mafuta bila kugusa sana protini. Ila malai unayoengua si mafuta matupu, yana maji na protini pia, kwa hiyo maziwa yanayobaki chini hayafiki mahali pa yale yaliyopita kwenye mashine. Yahesabu kama maziwa yaliyopunguzwa mafuta, usiyahesabu kama yasiyo na mafuta. Na kama malai hayo yatapakwa kwenye mkate wa asubuhi, yaandike kwenye hesabu ya mkate.

Je, tofauti hizi ni kubwa kiasi cha kubadilisha pakiti? Inategemea unakunywa kiasi gani. Takriban theluthi mbili ya mafuta ya maziwa ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, mpaka huo ni kama gramu 22. Glasi moja ya maziwa kamili ina karibu 6. Anayekunywa glasi mbili kila siku, na mlo wake una nazi, nyama ya mafuta au vitu vya kukaanga, ameshatumia nusu ya nafasi hiyo kwa maziwa. Akihamia 1.5 atapunguza gramu 10 za mafuta na kalori 90 kwa siku. Lakini anayetumia maziwa kwenye chai tu, nusu glasi kwa siku, atapunguza kalori 22 hivi. Vijiko vyake vitatu vya sukari, hata vya kusawazisha, vina kalori 48, na ningemshauri aanze na hivyo.

Watoto wadogo wana hesabu yao. Kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe ya aina yoyote hayachukui nafasi ya maziwa ya mama. Kati ya mwaka mmoja na miwili, mpe yenye mafuta kamili, yaliyochemshwa kama ni mabichi. Tumbo lake ni dogo na anahitaji nguvu nyingi katika kila kikombe, na vitamini A husafiri pamoja na mafuta, hivyo krimu inapotolewa nayo hutoka, isipokuwa kiwanda kimeirudisha na kuiandika kwenye pakiti. Akishatimiza miaka miwili, kama anakua vizuri kwenye kadi ya kliniki na anakula chakula cha aina mbalimbali, anaweza kunywa ya 1.5 pamoja na nyumba nzima.