Maharage Mekundu: Tofauti Kati ya Kulainika na Kuiva

Katika nyumba nyingi za Segerea, chungu cha maharage mekundu huinjikwa kabla ya shughuli nyingine za siku, kwa kuwa upishi wake huchukua saa nyingi na mkaa mwingi. Bei ya mkaa imewafanya wakazi watafute njia za kupunguza moto: wengine huacha chungu juu ya makaa yanayofifia, wengine hukihamishia katika kikapu cha kuhifadhi joto, na wengine husaga maharage mabichi pamoja na nafaka ili kupata unga wa uji. Makala hii inaeleza ni wapi mtu anaweza kubana matumizi ya mkaa, na ni wapi hapaswi kufanya hivyo.

Punje mbichi ya haragwe jekundu ina protini ya jamii iitwayo lektini. Protini hiyo hushikamana na ukuta wa utumbo na kuuvuruga. Punje nne au tano mbichi zaweza kutosha kumuugua mlaji. Dalili huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula: kichefuchefu kikali, kutapika mara kwa mara, kisha kuharisha na maumivu ya tumbo. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya saa chache. Ugonjwa huu hausababishwi na vijidudu, hivyo hauambukizi na dawa za kuua bakteria haziutibu. Mgonjwa anahitaji kurudishiwa maji na chumvi alizopoteza. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au yeyote anayeshindwa kunywa afikishwe kituo cha afya bila kukawia.

Lektini huharibiwa na maji yanayotokota. Joto la chini ya hapo halitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Maharage yaliyokaa saa nyingi katika maji ya moto yasiyotokota, yapata nyuzi 80, huweza kulainika yakabonyea kwa vidole, ilhali sumu ingalimo. Zaidi ya hayo, vipimo vimeonyesha kwamba maharage yaliyopashwa joto hafifu huweza kuwa na sumu kali kuliko yale mabichi. Kwa sababu hiyo ulaini pekee si ushahidi wa usalama. Ushahidi ni mtokoto wenyewe na muda wake.

Tuchukue mfano wa kilo moja ya maharage. Yachambue, yaoshe, kisha yaloweke usiku kucha katika lita tatu za maji. Asubuhi mwaga maji hayo yote, kwa kuwa sehemu ya sumu huyeyukia humo, usiyatumie kupikia. Suuza, weka maji mapya yafunike maharage kwa kina cha vidole vinne, na uinjike juu ya jiko lenye moto mkali. Usianze kuhesabu wakati wa kuinjika, bali maji yanapoanza kutokota kwa nguvu. Tangu hapo yaache yatokote kwa dakika 30 bila kukatizwa. Maji yakipungua, ongeza yaliyo moto, kwa maana maji baridi huzima mtokoto. Ukizimika, anza kuhesabu upya.

Baada ya dakika hizo 30 sumu imekwisha kuharibiwa, na kazi iliyobaki ni kulainisha tu. Hapo ndipo mkaa unapoweza kubanwa: punguza moto, au funika chungu kingali moto ukitie katika kikapu mpaka maharage yaive. Kikapu hakina kosa, ila hakiwezi kuchukua nafasi ya mtokoto wa kwanza. Kanuni ni hiyo hiyo kwa makande: mtokoto huja kwanza, moto mdogo hufuata.

Unga unahitaji tahadhari zaidi, hasa ule wa uji wa watoto. Kukaanga maharage makavu kwa muda mfupi hakutoshi. Mwaka 2006 nchini Japani, kipindi cha televisheni kiliwaeleza watazamaji wakaange maharage meupe kwa takriban dakika tatu, wayasage na kuyala pamoja na wali. Watu wengi waliofuata maelekezo hayo walitapika na kuharisha, ingawa maharage meupe yana sumu kidogo kuliko mekundu. Anayetaka kutia maharage katika unga wa lishe ayaloweke, amwage maji, ayachemshe kama ilivyoelezwa, ayaanike hadi yakauke kabisa, ndipo ayapeleke mashineni.

Mkazi anayenunua unga uliokwisha kuchanganywa amuulize muuzaji swali moja: maharage yalichemshwa kabla ya kusagwa? Jibu likiwa hapana, au muuzaji akiwa hana hakika, unga huo usipikiwe mtoto.